Zoezi la kujaza nafasi la Kitaliano: nimepata 2 kati ya 10, na mbili nyingine naona nimeonewa

kijana_wa_sakina

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mgumu, nina miaka minne nabeba mizigo mlimani, na sasa natafuta njia ya kuwa muongoza watalii wa Kitaliano, maana wa Kiingereza tumejaa mpaka stendi. Nasoma jioni mara tatu kwa wiki hapa Arusha. Juzi tulipewa kipande cha kujaza nafasi kwa passato prossimo, ile "nimefanya" yao. Niliingia kifua mbele, nikatoka na 2 kati ya 10. Mwalimu kachora wino mwekundu, maelezo hakuna, darasa likaisha akawahi daladala.

Nakiweka chote hapa, na kila nafasi nimeiandikia kitenzi tulichopewa:

Ieri Giulia e Marta ___ (1 arrivare) al campo verso le quattro. Prima ___ (2 camminare) per sei ore sotto la pioggia. Marta ___ (3 togliersi) gli scarponi e li ___ (4 mettere) vicino al fuoco. Giulia ___ (5 bere) due tazze di tè e poi ___ (6 scrivere) una cartolina a sua madre: le ___ (7 scrivere) che la zuppa le ___ (8 piacere) molto. Le altre cartoline non le ___ (9 scrivere), perché ___ (10 dovere) andare a letto presto.

Majibu yangu: 1 sono arrivati, 2 sono camminate, 3 si è tolti, 4 ha messo, 5 ha bevuto, 6 ha scritto, 7 ha scritta, 8 ha piaciuto, 9 ha scritto, 10 ha dovuto.

Nimepewa ya 5 na ya 6 tu. Nisaidieni: lini msaidizi ni essere, yaani kuwa, lini ni avere, yaani kuwa na, na ule mkia wa neno la pili unabadilika kwa amri ya nani? Kila nikidhani nimeushika unaniponyoka.

dereva_njiro

Kijana, usijitese. Kitenzi cha mwendo weka essere: kwenda, kuja, kufika, kuondoka. Kilichobaki chote weka avere. Ukiweka essere mkia unamfuata mtenda, ukiweka avere mkia unabaki -o. Mimi nabeba Waitaliano kwenda Ngorongoro miaka nane sasa na kanuni hiyo imenitosha.

kijana_wa_sakina

Sasa mkuu, camminare si mwendo? Nimeweka "sono camminate", nikaweka na mkia wa wanawake wawili vizuri kabisa, na bado kanikata.

dereva_njiro

Hapo mwalimu wako kateleza. Nenda kamwambie.

bibi_wa_perugia

Asiende. Atarudi na aibu.

Mwalimu yuko sahihi: hanno camminato. Niliishi Perugia miaka sita nikiuguza wazee, na kosa hilo nililifanya mwezi mzima kabla bibi niliyekuwa namtunza hajachoka kunivumilia. Siku moja akaniuliza, "Umetembea ukafika wapi?" Nikamwambia sikufika popote, nilikuwa natembea tu. Akasema basi ni ho.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Arrivare, partire, uscire, entrare, tornare, cadere, nascere, morire: kila kimoja kinamwacha mtu mahali pengine au katika hali nyingine. Alikuwa nje, sasa yuko ndani. Alikuwa hai, sasa hayupo. Hivyo ni vya essere. Lakini camminare, viaggiare, nuotare, ballare vinasema tu mtu alikuwa anafanya nini. Unaweza kutembea saa sita kuzunguka uwanja na ukaishia ulipoanzia. Hivyo ni vya avere, hata kama miguu imechakaa.

Njia ya kujipima ni hii. Chukua lile neno la pili peke yake ulibandike kwa mtu. "Gli ospiti arrivati ieri", wageni waliofika jana, Mtaliano anaipokea bila shida. "Gli ospiti camminati ieri" atakukazia macho. Likibandikika, ni essere. Lisipobandikika, ni avere.

dereva_njiro

Shikamoo mama. Mbona mimi nasikia wanasema "sono corso"? Kukimbia si kama kutembea?

bibi_wa_perugia

Marahaba. Utazisikia zote mbili, na ndiyo maana mfano wako ni mzuri. Ho corso due ore, nimekimbia saa mbili, mazoezi tu. Sono corso al rifugio, nimekimbia mpaka kwenye kibanda, nikafika. Kitenzi ni kilekile. Ukikitajia mwisho wa safari kinahamia essere.

Ila nisikudanganye, kanuni yangu ina matundu. Restare na rimanere ni kubaki, mtu hajaenda popote, na bado ni vya essere: sono rimasta a casa. Stare vilevile. Costare, bastare, sembrare, piacere navyo ni vya essere, na hakuna anayesafiri humo. Hivyo nilivikariri kama vile watoto wanavyokariri tebo.

mlima_poa

Samahani jamani, moto umewashwa kambi gani hiyo? Zoezi linasema viatu vimewekwa "vicino al fuoco". Kilimanjaro kuwasha kuni hairuhusiwi, hifadhi wakikukamata imekula kwako. Aliyetunga hajawahi hata kufika Mandara. Halafu, muongoza watalii wa Kitaliano analipwaje kwa siku siku hizi? Mimi nina Kihispania, nataka kujua kama inalipa kuongeza.

kijana_wa_sakina

Mkuu mada ni sarufi, malipo fungua uzi wako tutakuja. Ila la moto nimecheka, ni kweli.

mlima_poa

Sawa sawa. Kwa faida yenu, Kihispania hakina huo usumbufu. Haber kwa kila kitu, mkia -o siku zote. He llegado, he caminado. Waitaliano wamejitakia.

mzee_wa_ngeli

Nimefundisha Kiswahili shule za huku Moshi miaka thelathini, na Kitaliano changu ni cha kuokoteza kwa mapadre. Lakini ninachokiona hapa ni upatanisho wa kisarufi, na kijana wetu anaujua tangu anyonye, hajui tu kwamba anaujua.

Tazama namba 6 na namba 9. Ya 6 ni "ha scritto una cartolina", ameandika kadi. Kadi iko nyuma ya kitenzi, nacho hakina habari nayo. Ya 9 ni "le altre cartoline non le ha scritte", kadi nyingine hajaziandika. Umeiona hiyo -zi-? Sisi yambwa ikishatajwa tunaipachika ndani ya kitenzi: nimeziandika, nimekiona, nimeyanywa. Mtaliano hana pa kupachika ndani, kwa hiyo anaitanguliza, le, halafu anaifunga mwishoni kwa mkia, scritte. Kazi ya -zi- moja yeye anaifanya kwa kugonga mara mbili, mbele na nyuma.

Basi ikiwa kwa Kiswahili ungesema "nimeandika", acha -o. Ikiwa ungesema "nimeziandika", badilisha mkia. Na namba 4 ni hivyohivyo: viatu amevivua na ameviweka, li ha messi. Hiyo -vi- ndiyo li, na ndiyo -i ya messi.

kijana_wa_sakina

Mwalimu!! Hii mbona hatukuambiwa darasani? Kwa hiyo na avere mkia unabadilika?

bibi_wa_perugia

Unabadilika, ila kwa sharti hilo moja: yambwa iwe imetangulia kama lo, la, li au le. Hapo ni lazima. Ukiandika "li ha messo" kila Mtaliano aliyekwenda shule atakuona umekosea. Dereva, ile kanuni yako ya kubaki -o inaishia hapo.

Na kuna mtego wake. Lo na la zikikutana na ho au ha zinamezwa zote zinakuwa l', na hapo huoni tena kama ni mume au mke. "L'ho vist_": utajaza nini? Lazima urudi nyuma kwenye sentensi utafute nani au nini kilichotajwa. Kama ni la mappa, l'ho vista. Kama ni lo zaino, l'ho visto. Watunga mazoezi wanaupenda mtego huu kuliko chai. Li na le hazimezwi, zinabaki wazi, hizo ni rahisi.

frateri_mstaafu

Naongeza kidogo kwa mzee. Niliacha seminari nikiwa na Kilatini cha kutosha kuona haya yalikotoka. Walatini walianza na mtindo wa "habeo epistulas scriptas", maana yake ninazo barua, zikiwa zimeandikwa. Scriptas ilikuwa sifa ya barua, kama vile "barua ndefu", kwa hiyo lazima ilingane nazo. Baadaye habeo ikapoteza maana ya kumiliki ikawa msaidizi tu, na ule mkia ukaanza kulegea ukawa -o. Umebaki pale tu ambapo yambwa imetangulia. Ndiyo maana kwenye maandishi ya zamani ya Kitaliano utakutana na "ho scritte le lettere", mkia umelingana hata yambwa ikiwa nyuma. Leo mtu akikuandikia hivyo ujue ana mvi au anataka kuonekana anazo.

kijana_wa_sakina

Sasa nirudi kwenye ya 7. "Le ha scritta": le ni mama yake Giulia, ni mwanamke, ametangulia, mmoja. Nikaweka -a. Kwa kanuni ya mzee si ningepata? Kiswahili tunasema "amemwandikia", kuna -mw-, kitu kimepachikwa.

mzee_wa_ngeli

Swali zuri. Tofauti iko kwenye -ia. Amemwandikia ni kauli ya kutendea. Mama hajaandikwa, ameandikiwa. Yeye ni yambwa tendewa, si yambwa tendwa, na mkia haumfuati mtendewa. Nimeziandika, le ho scritte. Nimemwandikia, le ho scritto. Kwa hiyo shika hivi: ukiona kwa Kiswahili kitenzi kimechukua -ia au -ea, acha -o. Hutakosea.

bibi_wa_perugia

Mwalimu, kwa heshima zote, atakosea, na nitakuonyesha wapi.

Nimempa Marta ramani. Hakuna -ia, lakini ni le ho dato la mappa. Nimemuuliza, hakuna -ia, lakini ni le ho chiesto. Nimemjibu, le ho risposto. Kiswahili kinawachukulia watu hao kama watendwa wa kawaida. Kitaliano kinawapa a: ho dato a Marta, ho chiesto a Marta, ho risposto a Marta.

Na upande wa pili: nimemsaidia. Mwisho wake unasikika kama -ia, lakini Kitaliano ni ho aiutato Marta, bila a, kwa hiyo l'ho aiutata.

Lenye kuumiza zaidi ni kupiga simu. "Nimempigia Marta simu" lina njia mbili Kitaliano. Ukitumia telefonare ni ho telefonato a Marta, kwa hiyo le ho telefonato. Ukitumia chiamare ni ho chiamato Marta, kwa hiyo l'ho chiamata. Kiswahili ni sentensi moja, simu ni moja, mikia miwili. Kwa hiyo usiulize Kiswahili, uliza Kitaliano chenyewe. Mrudishe mtu kwa jina lake nyuma ya kitenzi: je, a imeingia katikati? Ikiingia, mkia ni -o. Isipoingia, mkia unamfuata.

Wazo lako la -zi- lakini nimelipenda, na nitaliiba.

mzee_wa_ngeli

Nimekubali. Ila kwa mtu wa kuanzia, kwa scrivere, comprare na portare kanuni yangu inamvusha. Sifuti.

kijana_wa_sakina

Nimeelewa sasa kwamba 7 na 9 nimezifanya kinyumenyume. Pale pa mama nikaweka mkia, pale pa kadi nikauacha. Ya 1 naona mwenyewe: Giulia na Marta ni wanawake, sono arrivate. Mimi niliona wawili nikakimbilia -i.

bibi_wa_perugia

Hapo Kiswahili ndicho kinachokuponza. "Wamefika" haisemi ni akina nani. Kitaliano lazima useme. Akiwemo mwanamume mmoja kati ya wanawake kumi, inakuwa arrivati. Wakiwa wanawake watupu, arrivate. Na kwenye mazoezi jina la msemaji huwa limefichwa mbali. Wanakuandikia "Mi chiamo Anna" mstari wa kwanza, halafu mstari wa tano "___ (uscire) alle sette". Usipokumbuka kwamba ni Anna utaweka sono uscito.

nasieku_mapokezi

Na ya 8 je? Mimi niko mapokezi kwenye loji na hiyo piacere inanisumbua kila asubuhi nikiwauliza wageni kuhusu chakula.

bibi_wa_perugia

Piacere iwazie kama kupendeza, usiiwaze kama kupenda. Kijana aliwaza "Giulia ameipenda supu", akamfanya Giulia mtenda, akaweka ha. Ungesema "supu imempendeza Giulia" ungeona supu ndiyo mtenda. La zuppa è piaciuta, na Giulia anaingia kama mtendewa, le. Kwa hiyo le è piaciuta, mkia wa supu. Hata kama angekuwa baba yake Giulia anayekula, supu ni ileile: gli è piaciuta.

Kwa wageni wako: ukiwapa mtori uliza "Vi è piaciuta la zuppa di banane?" Ukiwapa ndizi za kukaanga, "Vi sono piaciute le banane?" Wageni ni walewale, kilichobadilika ni kilichomo kwenye sahani.

nasieku_mapokezi

Kumbe! Mimi nilikuwa nawauliza "Avete piaciuto?" wanatabasamu tu wanasema sì sì. Nilidhani wanafurahia chakula.

dereva_njiro

Haya mama, na salire? Juzi mgeni kamuuliza muongozaji wetu amepanda mara ngapi, jamaa akajibu "Ho salito quaranta volte". Mgeni akamrekebisha. Mimi nikanyamaza maana nilishawahi kusikia "ho salito" kwa masikio yangu.

bibi_wa_perugia

Umesikia kweli. Ho salito le scale, nimepanda ngazi. Ngazi zimesimama kama yambwa, zimepandwa, hakuna neno la kati. Lakini sono salito sul Kilimangiaro, kuna sul. Yeye alisema "nimepanda mara arobaini" bila yambwa yoyote, basi ni sono salito quaranta volte. Akitaka avere atumie scalare: ho scalato il Kilimangiaro.

Viko kama hivyo kadhaa, na vyote vinaulizwa swali moja: kuna kitu kinachofanyiwa, au mtenda ndiye aliyepatwa? Abbiamo passato la notte a Barafu, tumeupitisha usiku pale, usiku ni yambwa, avere. Siamo passati da Barafu, tumepita tu, essere. Ho cambiato gli euro, nimebadilisha yuro. Il tempo è cambiato, hali ya hewa imebadilika. Ho finito il tè, nimemaliza chai, na il tè è finito, chai imekwisha. Hapa Kiswahili kinasaidia kweli: badilisha na badilika, maliza na kwisha. Sisi tumetenganisha kwa kitenzi, wao wametenganisha kwa msaidizi.

mzee_wa_ngeli

Hiyo nami nitaiiba.

kijana_wa_sakina

Zimebaki ya 3 na ya 10, na hizi ndizo nasema nimeonewa. Ya 3 nilijua togliersi ina si, kwa hiyo essere, nikaweka "si è tolti" kwa sababu viatu ni vingi vya kiume. Mwalimu anataka "si è tolta".

bibi_wa_perugia

Msaidizi umempata: penye si ni essere siku zote, hata kama kuna yambwa. Mkia ndio wenye ubishi. Kawaida ya leo ni kumfuata mtenda, Marta si è tolta gli scarponi. Kufuata viatu, si è tolti gli scarponi, vitabu vya sarufi vinaruhusu, ila huisikii sana. Kwa hiyo si kosa, ingawa sidhani uliichagua kwa kujua. Na ukiweka viatu mbele kama kiwakilishi hakuna tena hiari: se li è tolti. Hapo viatu vinashinda.

frateri_mstaafu

Mimi ningempa maksi. Padre aliyenifundisha alikuwa anasema "ci siamo lavate le mani" akiwa na wanaume watupu, na alikuwa mtu wa Bergamo aliyesoma sana. Mikono ndiyo iliyooshwa.

bibi_wa_perugia

Na mimi miaka sita sikumsikia mtu wa Perugia akisema hivyo. Wote tu sahihi, ila kwenye zoezi ningeandika lavati.

Ya 10 sasa. Dovere, potere na volere havina msaidizi wake, vinaazima wa kitenzi kinachofuata. Andare ni essere, kwa hiyo è dovuta andare. Mangiare ni avere, kwa hiyo ha dovuto mangiare. Hiyo ndiyo mwalimu anaitaka. Ila "ha dovuto andare" Waitaliano wanaisema kila siku, na sarufi nyingi zinaikubali. Ningekuwa mimi nisingekukata. Pasipo hiari ni penye si. Ikitangulia, essere: si è dovuta alzare. Ikining'inia mwishoni, avere: ha dovuto alzarsi. Ukichanganya ukasema "si ha dovuto alzare" hapo hata mimi nachukua wino mwekundu.

dereva_njiro

Kwa hiyo kijana ana 4 kati ya 10.

frateri_mstaafu

Nne kwa mahakama ya rufaa.

nasieku_mapokezi

Kabla hamjafunga. Mgeni mmoja, mwanamume mtu mzima, alikosana na gari letu pale KIA. Nikamwandikia kwenye watsapu: "Buongiorno signore, L'ho aspettata ieri sera all'aeroporto." Bosi kaiona akawaka, eti nimemwita mgeni mwanamke. Mimi nilifundishwa Lei ya heshima inakuwa La. Nani mkweli?

bibi_wa_perugia

Wewe. La ya heshima ni ya kike kisarufi hata ukimwandikia askofu, na mkia unaifuata: L'ho aspettata. Lakini kwa essere mkia unamtazama mtu mwenyewe: Lei è arrivato, signore. Ndiyo, mtu yuleyule, barua ileile, mkia wa kike hapa na wa kiume pale. Usiniulize kwa nini wamejifanyia hivyo.

dereva_njiro

Mimi mgeni aliniandikia "L'ho visto al parcheggio" na alinitumia Lei muda wote. Mtu wa Milano.

bibi_wa_perugia

Wapo wanaoandika hivyo, na sitasema hawajui lugha yao. Kwa barua rasmi mimi nabaki na -a.

nasieku_mapokezi

Bosi nimemsomea uzi. Anasema Milano ni kubwa kuliko Perugia.

kijana_wa_sakina

Nimekaa leo mchana nikatunga cha kwangu, naombeni macho: "Sono salito sul Kilimangiaro quarantuno volte. La prima volta ho portato venti chili e ho camminato sei giorni. Gli scarponi li ho comprati a Moshi. Dalla vetta ho pensato a mia madre e le ho telefonata. Il freddo non mi è piaciuto."

bibi_wa_perugia

Mrudishe mama yako nyuma ya kitenzi.

kijana_wa_sakina

Ho telefonato a mia madre. A ipo. Le ho telefonato. Dah.

mlima_poa

Kilo ishirini na wewe ndiyo mara ya kwanza? Walikupunja mzani hao.

kijana_wa_sakina

Mrejesho: nimemwona mwalimu jana. Ya 10 kanirudishia bila maneno, akaniambia hata mkewe anasema hivyo. Ya 3 kakataa kabisa, anasema hata kama vitabu vinaruhusu yeye haruhusu. Kwa hiyo nina 3. Ijumaa tunaanza ne, "ne ho comprate due", na nimeshaona mkia umegeuka tena. Nitarudi.